Kabla Hujanunua Betri Mpya ya Roboti ya Kufagia

Roboti ya kufagia ikianza kuzimika katikati ya sebule kabla ya kumaliza kazi, jibu la dukani huwa tayari: betri imechoka, nunua nyingine. Wakati mwingine jibu hilo ni sahihi, maana betri inayofanya kazi kila siku huchoka kweli. Lakini upo ugonjwa mwingine wenye dalili zilezile, na dawa yake ni kitambaa, spiriti kidogo na dakika kumi za utulivu. Asiyeweza kuutofautisha na uchovu wa betri hununua betri mpya, huifunga, huona nafuu ya siku moja au mbili kwa sababu betri hiyo ilikuja na chaji kidogo kutoka kiwandani, kisha tatizo linarudi palepale. Hapo huamini kwamba ameuziwa betri feki.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza betri ni nzima au mbovu, kuna swali linalotangulia: je, betri inajaa? Ndoo inaweza kukosa maji asubuhi kwa sababu imetoboka, au kwa sababu bomba lilichuruzika usiku kucha bila kuijaza. Betri isiyokaa na chaji ni ile iliyojazwa vizuri lakini ikaisha haraka. Betri isiyojaa ni ile inayoanza safari ikiwa nusu, na kosa haliko kwake, liko njiani kati ya stendi ya chaji na roboti. Mwenye nyumba akiiona roboti imezimika chini ya kochi, hawezi kujua kwa macho ni ipi kati ya hizo mbili. Inabidi apime.

Geuza roboti kifudifudi uone tumbo lake. Karibu na gurudumu dogo la mbele kuna vipande viwili vya chuma, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba au zaidi kidogo. Aina nyingine huviweka nyuma au ubavuni, lakini ni viwili vilevile. Hivi tuviite vibamba. Kwenye stendi kuna vipande viwili vinavyolingana navyo, ambavyo chini yake vina springi ili vibonyee roboti inapopanda. Umeme wote wa kuchaji hupita hapo, na kinachoushikilia pamoja ni uzito wa roboti na msukumo wa hizo springi tu. Simu yako ina waya unaochomekwa na kukaza. Roboti haina. Yenyewe huja ikiwa imetoka kuzoa vumbi, nywele, makombo na maji ya kudekia, ikagusisha chuma kwa chuma, na tunaitarajia ipate mguso safi kila siku kwa miaka.

Uchafu unaokaa hapo huwa hauonekani haraka. Vumbi kavu si tatizo kubwa, kwani hufutika roboti inapojisugua ikipanda. Kibaya ni utando. Sabuni ya kudekia na polishi ya sakafu huacha tabaka jembamba linalong'aa, na vumbi laini likinata juu yake, tabaka hilo hugeuka kuwa la kijivu na gumu. Roboti zinazofagia na kudeki pamoja hurudi stendini zikiwa na unyevu, na unyevu ukiunganisha vibamba viwili huku umeme upo, chuma cha upande mmoja huanza kuliwa. Pwani, kuanzia Tanga na Mombasa hadi Maskati, hewa yenye chumvi huongeza kasi ya mchezo huo. Ukiona doa jeusi, au rangi ya kijani kama ile inayotokea kwenye vyombo vya shaba, ujue chuma kimeshaanza kuliwa.

Madhara yake yanaweza kuelezwa kwa hesabu ndogo. Stendi nyingi hutoa takriban volti 20, na roboti huchaji kwa mkondo wa karibu ampea 1. Mguso safi una ukinzani mdogo usiofikia hata sehemu ya kumi ya omu, hivyo hakuna kinachopotea. Utando ukileta ukinzani wa omu 3, basi ampea 1 ikipita, volti 3 zinapotelea hapohapo kwenye mguso na kugeuka joto. Zinazofika ndani ni 17. Betri ya lithiamu ya volti 14.4, ambayo ndiyo inayopatikana katika roboti nyingi, hujaa ikifika volti 16.8, na saketi ya kuchaji inahitaji nafasi kidogo juu ya hapo ili ifanye kazi yake. Umeme unapoyumba namna hiyo, saketi huona kama roboti imetoka stendini. Inakata. Mkondo ukikatika, volti zinapanda tena, saketi inaona stendi imerudi, inaanza kuchaji upya. Mchezo huu unaweza kuendelea usiku mzima.

Ndiyo maana dalili bora kuliko zote haihitaji kifaa chochote. Kama roboti yako huongea au hulia mlio inapoanza kuchaji, sikiliza usiku nyumba ikiwa kimya. Ikitangaza mara moja tu, mguso ni mzuri. Ikirudia tangazo lilelile kila baada ya muda, huku hakuna aliyeigusa na umeme haujakatika, tatizo liko kwenye vibamba au kwenye springi za stendi. Dalili ya pili ni roboti inayofika stendini, ikapanda, ikatulia kidogo, kisha ikarudi nyuma na kujaribu tena. Watu husema imepotea njia. Sivyo, njia imeiona vizuri na imefika, ila haikusikia umeme, kwa hiyo inaamini haijafika.

Mama yangu mdogo anaishi ghorofa ya tatu Upanga, si mbali na bahari, na roboti yake ilikuwa na umri wa miaka miwili hivi ilipoanza kusumbua. Zamani ilifagia sebule, korido na vyumba vitatu kwa mkupuo mmoja wa saa moja na nusu. Sasa ilikuwa ikizimika baada ya dakika 40, mara nyingine kwenye korido hatua chache kutoka stendini. Fundi alishatoa hukumu. "Amesema betri imekufa, mwanangu," aliniambia, "nimpe hela aende kuileta, au unaiangalia kwanza?"

Jambo la kwanza nililouliza ni asilimia. Jioni aliiweka stendini mwenyewe, programu ya simu ikisoma asilimia 15. Alfajiri, baada ya saa tisa, ilisoma 71. Betri ya roboti ile, ambayo lebo yake inasema miliampea-saa 2600, inapaswa kujaa kwa saa tatu au nne. Kwamba saa tisa hazikutosha ilikuwa habari kubwa tayari, maana betri iliyochoka hufanya kinyume: inajaa upesi kuliko ilivyokuwa mpya, kwa sababu nafasi iliyobaki ndani yake ni ndogo.

Kisha ikaja multimita, na hapa ndipo mafundi wengi huteleza. Nilipogusisha ncha za multimita kwenye vipande viwili vya stendi, ilisoma volti 20 na ushee. Fundi naye alikuwa amepima hivyohivyo, akaona stendi nzima, akahitimisha kwamba lawama ni ya betri. Lakini multimita ikiwa kwenye kipimo cha volti haivuti umeme wowote wa maana. Mkondo ukiwa karibu na sifuri, hata utando wenye ukinzani mkubwa haupotezi kitu, na volti zote hufika kwenye kioo. Isitoshe, ncha ya multimita ni kali na hupenya utando ambao kibamba cha roboti hakiwezi kuupenya. Kipimo kile kinathibitisha tu kwamba chaja ya ukutani na waya wake ni vizima. Juu ya mguso hakisemi lolote. Kinyume chake pia kina mtego: baadhi ya stendi hazitoi volti kamili mpaka zitambue roboti imepanda, kwa hiyo ukisoma volti chache, usiitupe stendi.

Kipimo kinachotenganisha ndoo na bomba kinafanywa kwenye betri yenyewe, mara tu baada ya usiku wa kuchaji. Roboti huzimwa kabisa kwa swichi yake, hugeuzwa juu ya taulo, na kifuniko cha betri hufunguliwa kwa bisibisi ya nyota. Kwenye ile kulikuwa na skrubu mbili. Ndani, betri ni pakiti iliyovikwa plastiki, yenye nyaya fupi zinazoishia kwenye plagi ndogo. Nyaya nene, nyekundu na nyeusi, ndizo chanya na hasi. Nyembamba ni za kupimia joto la betri, usizijali. Ukichomoa plagi, gusisha ncha za multimita ndani yake kwa uangalifu, moja moja, bila kuziruhusu zikutane, kwa maana betri ya lithiamu ikipigwa shoti hutoa mkondo wa kuunguza. Asiyezoea kazi hii ampe fundi, lakini amwombe namba, asikubali neno "imekufa" peke yake.

Namba ya kutarajia hupatikana kwenye lebo. Gawanya volti za lebo kwa 3.6, utapata idadi ya seli zilizopangwa mfululizo: 14.4 ni seli nne, 21.6 ni seli sita. Zidisha idadi hiyo kwa 4.2, utapata volti za betri iliyojaa: 16.8 kwa seli nne, 25.2 kwa sita. (Lebo nyingine husema 14.8 badala ya 14.4, ni seli nne zilezile.) Betri iliyotoka kujazwa na kupumzika kwa muda husoma chini kidogo ya hapo, tuseme 16.4 au 16.6. Hesabu hii ni ya lithiamu. Roomba za mwanzo, ambazo kampuni ya Kimarekani ya iRobot ilianza kuziuza mwaka 2002, zilitumia betri za nikeli zenye seli kumi na mbili za volti 1.2, na tabia yake ni tofauti.

Betri ya mama mdogo ilisoma 15.3. Haikuwa imejaa, na hiyo ndiyo sababu ya dakika 40. Nikamwambia asitoe hela kwanza.

Nilipovimulika vibamba kwa tochi ya simu, kimoja kilikuwa kinang'aa na kingine kilikuwa na rangi ya maji ya chai, na katikati yake doa jeusi pale kinapogusana na stendi. Kwenye stendi, kipande kinacholingana nacho kilikuwa na doa kama hilo, na springi yake ilibonyea kwa shida kwa sababu nywele na vumbi lenye mafuta vilikuwa vimejisokota kwenye ufa unaoizunguka. Stendi huchomolewa ukutani kwanza. Nywele nilizitoa kwa kijiti cha meno. Kitambaa kisichoacha nyuzi kililoweshwa kwa spiriti ya duka la dawa, kikakamuliwa hadi kisidondoke, kikasuguliwa kwenye vipande vyote vinne. Rangi ya chai ilitoka kwa kitambaa. Doa jeusi halikutoka. Hilo lilihitaji raba nyeupe ya kufutia penseli, kwa kusugua upande mmoja huku nikipuliza vumbi lake, kisha spiriti tena ya kumalizia. Chuma kikarudi kuwa cha fedha, na kibonyezo cha springi kikawa chepesi.

Msasa usitumike, ingawa unavutia kwa sababu hung'arisha upesi. Vibamba vingi vimepakwa tabaka jembamba la nikeli juu ya chuma cha chini, na tabaka hilo ndilo linalozuia kutu. Msasa ukilitoa, vibamba vitapendeza wiki moja kisha vitaoza kwa kasi ambayo hukuwahi kuiona. Mafuta ya kulainishia nayo yaachwe, maana hukamata vumbi. Chombo kikaukapo ndipo stendi irudishwe kwenye umeme.

Usiku ule roboti ilitangaza mara moja tu kwamba inachaji. Asubuhi programu ilisoma 100, na betri ilisoma 16.5. Ikafagia dakika 70 na ikarudi yenyewe.

Sabini, si tisini. Hapo ndipo betri inapobeba sehemu yake ya lawama. Kama mwendo wa kawaida sakafuni unavuta ampea 1.5 hivi, miliampea-saa 2600 zinatosha kwa saa moja na dakika arobaini na kitu, na roboti huacha akiba kidogo ya kurudia nyumbani. Dakika 70 zinaonyesha kwamba kati ya robo na theluthi ya uwezo imekwenda. Kabla ya kukubali hesabu hiyo nilitoa brashi ya chini, nikakata nywele zilizokuwa zimejiviringisha kwenye ncha zake mbili mpaka ndani ya beringi, na nikapiga filta hadi ikaacha kutoa vumbi, kwa sababu mota inayozunguka kwa shida huvuta mkondo mwingi na kufanya betri nzima ionekane mbovu. Hilo liliongeza dakika chache. Kilichobaki ni umri, na kwa umri hakuna kitambaa.

Ndani ya seli ya lithiamu, kila safari ya kujaa na kuisha huacha utando mwembamba kwenye elektrodi, na utando huo unapokua hula sehemu ya lithiamu iliyokuwa ikibeba chaji. Seli za aina hii kwa kawaida hubakiwa na takriban asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko kati ya 300 na 500. Roboti inayofanya kazi kila siku inafika huko kabla ya miaka miwili. Joto huharakisha, hasa likikutana na betri iliyojaa pomoni. Kwa hiyo stendi iliyowekwa karibu na mlango wa baraza, mahali jua la alasiri linapopiga, inaichosha betri hata siku ambazo roboti haikutembea.

Lakini uwezo kupungua ni nusu tu ya uzee. Nusu nyingine ni ukinzani wa ndani, nao ndio unaoeleza kwa nini roboti hushindwa kurudi hata pale programu inapodai ina asilimia 20. Pakiti mpya ya seli nne ina ukinzani wa karibu omu 0.2. Ikizeeka unaweza kufika 0.6. Sasa fikiria roboti iliyobakiwa na volti 14 ikipanda zulia: mota za magurudumu zinajitahidi, brashi inakwama kwenye nyuzi, nguvu ya kuvuta inapandishwa, na kwa muda mfupi inadai ampea 3. Katika betri mpya hiyo inapoteza volti 0.6 na hakuna anayejua. Katika betri mzee inapoteza 1.8, na volti zinashuka hadi 12.2, karibu kabisa na mpaka ambao saketi ya ulinzi hukata ili seli zisiharibike. Roboti inazimika papo hapo juu ya zulia. Ukiiwasha baada ya dakika tano inaamka na kuonyesha bado ina chaji, kwa sababu mzigo umeondoka na volti zimepanda. Mwenye nyumba anadhani ni shetani wa programu. Ni betri.

Ishara nyingine ya uzee ni asilimia zinazoruka. Kifaa huhesabu chaji kwa kukisia kutokana na uwezo wa betri ilipokuwa mpya, na makisio hayo yakipitwa na wakati, utaona 45, kisha 38, kisha ghafla 6. Mahali hapo haifiki kwa sababu ya vibamba vichafu. Vibamba vichafu humfanya mtu aanze asubuhi na asilimia ndogo. Betri mzee humfanya aanze na mia na kudondoka njiani. Na kama volti zinaishia 15.8 ingawa vibamba ni safi na chaji imetangazwa kuwa kamili, yamkini seli moja kati ya nne imeachana na wenzake. Inafikia kikomo mapema, na saketi inazuia pakiti nzima isiendelee. Pakiti ya hivyo haitibiki nyumbani.

Tuseme sasa chaji ipo ya kutosha, roboti haizimiki, ila inazunguka sebuleni ikitafuta stendi na haiipati. Hapa betri na vibamba havihusiki. Stendi hutoa miale ya infraredi, jamaa ya ile ya rimoti ya televisheni: mmoja upande wa kushoto, mmoja wa kulia, na katikati inapokutana roboti hujua imenyooka. Zenye leza na ramani huikumbuka stendi ilipokuwa, zikaenda hadi karibu, kisha zikaitegemea miale kwa hatua za mwisho. Zisizo na ramani hutangatanga mpaka zikutane na miale kwa bahati, na zikianza kutafuta chaji ikiwa imebaki kidogo, huishia njiani.

Kuna jaribio dogo la kuona kama stendi inatoa miale hiyo. Washa kamera ya mbele ya simu, ile ya kujipigia picha, uielekeze kwenye kidirisha cheusi cha stendi. Kamera nyingi za mbele huiona infraredi kama mwanga wa zambarau au mweupe hafifu. Ijaribu kwanza kwa rimoti ya televisheni ili uhakikishe kamera yako inaweza. Kidirisha hicho kikiwa na ukungu wa vumbi, kifutwe, na kile cha mbele ya roboti pia. Jua kali linalopiga moja kwa moja huizidi nguvu miale, na kioo cha kabati kilicho karibu na sakafu huirudisha pembeni. Vitabu vya maelekezo huomba karibu nusu mita wazi kila upande na mita moja na nusu mbele. Katika vyumba vyetu vyenye viti vingi hiyo ni nafasi kubwa, lakini kuipunguza kuna gharama yake.

Kwenye sakafu zetu za marumaru na terazo kuna sababu nyingine ambayo ni rahisi kuipuuza. Stendi ni nyepesi. Roboti yenye kilo tatu ikiipanda, inaisukuma nyuma sentimita mbili, na springi hazibonyei vya kutosha. Kesho yake tena. Baada ya wiki stendi imepinda na kuacha ukuta. Au asubuhi mtu anadeki, anaisogeza, anairudisha kwa kukisia. Gundi ya karatasi yenye pande mbili chini ya stendi inamaliza jambo hilo, na roboti iliyosifika kwa upofu inaanza kupaki vizuri. Ikiwa bado inasukumia huku na huko, kagua magurudumu: yakiwa na utelezi wa sabuni au polishi yanazunguka bila kushika, na roboti haiwezi kupanda mwinuko mdogo wa stendi.

Kukatika kwa umeme nako kunahitaji kutazamwa. Luku ikiisha Ijumaa na familia iko safarini, stendi inazimika, lakini roboti juu yake haizimiki: inaendelea kushikilia mtandao na kusubiri amri, ikila betri yake kidogo kidogo. Siku mbili haidhuru. Wiki kadhaa zinaweza kuzishusha seli chini ya volti 2.5 kila moja, na saketi ya ulinzi inaweza kukataa kabisa kuichaji betri iliyoshuka namna hiyo. Wanaosafiri kwa muda mrefu wangeijaza, wakaizima kwa swichi yake, wakaichomoa stendi.

Ikithibitika kuwa betri ndiyo yenye kosa, kununua kuna mtego wake, na mizani ya jikoni ndiyo inayoufichua. Pakiti nyingi hutengenezwa kwa seli za mviringo za ukubwa unaoitwa 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, na kila moja ina uzito wa karibu gramu 45 hadi 48. Seli halisi ya ukubwa huo haivuki miliampea-saa 3500 au zaidi kidogo. Pakiti ya seli nne, basi, ina gramu 190 hivi na haiwezi kuwa na 5200, hata lebo iandike kwa herufi za dhahabu. Ili kufika 5200 kwa seli hizo unahitaji nane, yaani gramu 370 na zaidi. Ukiletewa betri ya "5200" yenye uzito sawa na ile ya 2600 uliyoitoa, umenunua lebo. Volti lazima zilingane, na plagi ilingane pia mpaka kwenye mpangilio wa nyaya nyembamba. Kukata nyaya na kuunga kwa gundi ya umeme ni kuiondolea roboti kipimajoto chake.

Betri ya zamani iliyovimba, ambayo plastiki yake imejikunja au inatoka kwa kukwama, isichajiwe tena hata mara moja. Usiibonyeze irudi na usiitoboe. Itolewe nje ya nyumba, mbali na vitu vinavyoungua, na isitupwe kwenye jaa la mtaa linalochomwa jioni. Baadhi ya maduka ya simu na mafundi hupokea betri za lithiamu kwa ajili ya wanaozikusanya. Kuuliza hakugharimu kitu.

Mama mdogo bado anatumia betri yake ya zamani. Dakika 70 zinamtosha kwa kuigawa nyumba mara mbili: sebule na korido asubuhi, vyumba jioni. Kila Jumamosi, anapotoa nywele kwenye brashi, anavipitishia vibamba kitambaa chenye spiriti, na stendi ameihamisha kutoka ukuta wa baraza hadi nyuma ya mlango wa korido, penye kivuli.